Kufuta Si Kufunga

Kiswahili kina kitenzi kilichobebeshwa kazi nyingi: kufuta. Mwalimu hufuta ubao, benki hufuta deni, serikali hufuta leseni, mahakama hufuta hukumu, na kijana aliyejaza simu yake hufuta picha. Kwenye ubao, chaki huondoka. Kwenye leseni, karatasi hubaki mkononi ila nguvu yake imekwisha. Kwenye deni, vitabu vya benki huendelea kuonyesha kwamba ulikopa, ingawa hakuna atakayekuja kukudai. Sote tunazijua tofauti hizi bila kufundishwa, kwa sababu jambo lenyewe liko mbele yetu. Matata huanza pale jambo linapokuwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na wewe umemwandikia sentensi moja: “Naomba mfute taarifa zangu.” Aliyeipokea ndiye anayechagua maana, na kwa kawaida huchagua ile isiyomgharimu kitu.

Sheria za ulinzi wa data zimempa mtu haki ya kudai data yake ifutwe. Kenya imeiweka katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 40, na kuifafanua zaidi katika Kanuni za Jumla za mwaka 2021. Ulaya imeiweka katika ibara ya 17 ya kanuni yake kuu ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Haki hiyo ina meno, lakini meno yake yamo ndani ya maneno. Anayejua kutenganisha kufuta na kufunga, kuharibu na kuficha, kuomba na kudai, hupata jibu tofauti kabisa na asiyejua.

Ili maneno yasielee hewani, tuyafuate kwa mtu mmoja wa kubuni. Ni mama anayeuza mitumba Kongowea, Mombasa. Alikopa shilingi 5,000 kupitia programu ya mikopo ya simu, akalipa yote na riba yake, akaamua hataki tena. Wakati wa kujiandikisha alitoa namba ya simu, picha ya kitambulisho cha taifa na picha ya uso wake. Programu iliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu yake na mahali alipo, naye akabonyeza kukubali. Sasa anataka vyote vifutwe.

Mhusika ni nani?

Mama huyu, kwa lugha ya sheria, ni mhusika wa data. Tanzania, ambako sheria ya mwaka 2022 iliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, anaitwa mhusika wa taarifa. Kampuni ya mikopo, ambayo ndiyo inayoamua data ikusanywe kwa lengo gani na kwa njia gani, Kenya huitwa mdhibiti wa data. Tanzania huitwa mkusanyaji. Yule anayeajiriwa na kampuni hiyo kuishughulikia data kwa niaba yake, kwa mfano mwenye mitambo ya kuhifadhi au kampuni ya kutuma ujumbe mfupi, ni mchakataji kwa pande zote mbili.

Napenda neno mhusika kwa sababu tulilijua kwanza katika fasihi. Wahusika ni wale watu wa hadithi, wanaotenda na kutendwa jinsi mwandishi alivyotaka. Mhusika wa data naye yumo ndani ya simulizi iliyoandikwa na mwingine: fulani, namba fulani, hulipa kwa kuchelewa siku tatu, ana majina 412 kwenye simu. Sheria imefanya jambo ambalo riwaya haifanyi. Imempa mhusika haki ya kuisoma simulizi hiyo, kuisahihisha, na katika hali fulani kudai kurasa zake zitolewe.

Mdhibiti na mkusanyaji, kwa upande mwingine, hayalingani uzito. Anayesikia mkusanyaji hudhani ni yule aliyechukua data kwa mkono wake, kwa hiyo akiona programu ya simu hufikiri adui wake ni programu. Mdhibiti humwelekeza msikilizaji kwa mwenye uamuzi, hata kama hajawahi kugusa data yenyewe. Ombi la kufuta hupelekwa kwa huyo mwenye uamuzi. Ukimwandikia mchakataji, huenda akakwambia kwamba yeye hafuti bila kuagizwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mama wa Kongowea ni kufungua sera ya faragha ya programu na kutafuta jina kamili la kampuni na anwani ya afisa wa ulinzi wa data. Jina la programu mara nyingi si jina la kampuni. Na kama kampuni iko nje ya nchi, hilo halimwokoi mdhibiti: kifungu cha 4 cha sheria ya Kenya kinamgusa hata asiye na ofisi nchini, maadamu anachakata data ya watu walioko Kenya.

Kuondoa, kufunga, kuzima

Jambo ambalo watu wengi hulifanya wakiamini wamefuta ni kuondoa programu kwenye simu. Vijana husema wameidiliti. Kinachotoka hapo ni chombo tu. Data ilikwishasafiri siku ile ya kujiandikisha, ikakaa kwenye mitambo ya kampuni, na kuondoa programu hakuifikii.

Baada ya hapo kuna kufunga akaunti. Kufunga ni neno la mlango na duka, na duka lililofungwa lina bidhaa ndani. Akaunti iliyofungwa haikubali kuingia, haionyeshi salio, haitoi mkopo mpya, lakini picha ya kitambulisho ipo. Mitandao mikubwa ya kijamii imeligawa jambo hili mara mbili kwenye mipangilio yake: kuna kuzima akaunti kwa muda, ambako unaweza kurudi ukakuta kila kitu, na kuna kuifuta. Hata huko kufuta si kwa papo hapo. Facebook humpa mtu siku 30 za kughairi, kisha husema inaweza kuchukua hadi siku 90 kukamilisha kazi yenyewe. Katika siku hizo neno sahihi si “imefutwa” bali “inafutwa”, na nyakati hizo mbili za kitenzi zina tofauti inayoweza kupimwa kwa kalenda.

Kifungu cha 40 cha Kenya hakikutumia kufunga wala kuzima. Kinataja vitendo viwili vikiwa pamoja: kufuta au kuharibu. Kinaeleza pia data inayostahili kutendewa hivyo, yaani ile ambayo mdhibiti hana tena idhini ya kuishikilia, isiyohusika, iliyozidi kiasi, au iliyopatikana kinyume cha sheria. Kanuni za mwaka 2021 zikaongeza sababu ambazo mtu anaweza kuzitaja: lengo la kukusanya data limekwisha, ameondoa ridhaa iliyokuwa msingi wa kuihifadhi, amepinga uchakataji na hakuna maslahi halali yanayomshinda, data inatumika kumtangazia biashara naye hataki, uchakataji ulivunja sheria, au sheria yenyewe inadai ifutwe.

Tazama jinsi sababu hizi zinavyomgawia mama wetu data yake mafungu mafungu. Picha ya uso na ya kitambulisho: alizitoa ili mkopo utolewe, mkopo umelipwa. Orodha ya majina: hiyo ilizidi kiasi tangu mwanzo, maana mkopo wa shilingi 5,000 hauhitaji kujua namba ya fundi wake wa cherehani. Namba ya simu kwenye orodha ya matangazo: hiyo anaipinga. Kila fungu lina sababu yake, na ombi linalozitaja moja moja ni gumu kulikwepa kuliko lile linalosema “kila kitu”.

Kuomba na kudai

Fomu ya Kenya ya jambo hili, Fomu DPG 5, ni fomu ya ombi. Ofisi nazo huzungumza lugha ya maombi. Hapo adabu ya Kiswahili humponza mwenye haki. Mtu wa pwani akitaka jambo huanza kwa salamu, huendelea na samahani, kisha husema “naomba mnisaidie”. Kwenye dawati la huduma kwa wateja, barua ya namna hiyo hupangwa pamoja na za watu waliosahau neno la siri. Anajibiwa na kijana mpole anayemweleza jinsi ya kufunga akaunti.

Kudai ni kitenzi kingine. Hakimaanishi ukali, kinamaanisha kwamba kuna kitu chako mkononi mwa mwenzako. Kampuni za mikopo zinakijua vizuri kitenzi hiki kwa sababu ndicho zinachoishi nacho: zinadai. Mama aliyemaliza kulipa amebadilishana nazo nafasi. Haimlazimu kukosa adabu. Inamlazimu kutaja kifungu, kutaja data, kutaja kitendo na kutaja siku. Kwa mfano:

“Ninatumia haki yangu chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mkopo wangu ulilipwa wote. Futeni: (1) picha ya uso na picha ya kitambulisho, kwa kuwa lengo lake limekwisha, (2) orodha yote ya majina na namba mliyoisoma kwenye simu yangu, kwa kuwa ilizidi kiasi, na ridhaa niliyotoa naiondoa leo, (3) taarifa za mahali nilipokuwa na za aina ya simu yangu, kwa kuwa hazihitajiki tena. Acheni kunitumia matangazo. Mjulisheni kila mliyempa data hii kwamba nimetaka ifutwe, na mnitajie majina yao. Kama kuna data mnayoibakiza, nitajieni ni ipi, kwa sheria gani, na hadi tarehe gani. Nijibuni ndani ya siku 14.”

Barua hiyo haina neno gumu hata moja. Sentensi ya kuwajulisha waliopewa data inasimama juu ya kifungu hichohicho cha 40, kinachomtaka mdhibiti aliyegawa data achukue hatua zote zinazofaa kuwajulisha aliowagawia. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sheria angalau inamtaka aliyeyamwaga awajulishe yaliowafikia.

Kuna hatua moja inayofaa kutangulia barua hiyo, nayo ni kuomba kuona data. Mtu hawezi kutaja asichokijua. Kwa Fomu DPG 2 mama anaweza kutaka kampuni imwonyeshe data yote iliyo nayo juu yake, na kanuni zinaipa siku 7 kumjibu, bure. Hapo ndipo huibuka vitu visivyokumbukwa: tarehe ambayo orodha ya majina ilisomwa, jina la kampuni ya kukusanya madeni iliyopewa namba, alama ya kukopesheka aliyopewa na mashine. Baada ya kuviona, ombi la kufuta hupewa siku 14. Ulaya muda ni mwezi mmoja, na unaweza kuongezwa miezi miwili ikiwa jambo ni gumu, mradi mtu ajulishwe ndani ya ule mwezi wa kwanza.

Kikwazo cha kawaida katika siku hizo 14 ni utambulisho. Kampuni huandika: tutumie picha ya kitambulisho ukiwa umeishika ili tuthibitishe ni wewe. Yaani ili ifute kitambulisho, inataka kingine. Kuthibitisha ni haki yake, kwa sababu kufuta data ya mtu kwa amri ya mgeni nako ni madhara. Lakini njia ipo nyepesi zaidi. Atume ombi kutoka kwenye namba au baruapepe ileile aliyojiandikishia, akubali kutumiwa namba ya siri ya mara moja, na kama kitambulisho kinadaiwa kweli, azibe picha na namba zisizohitajika, kisha aandike kwamba nakala hiyo nayo ifutwe mara baada ya uthibitisho.

Kusahauliwa

Magazeti yetu hupenda zaidi jina jingine la haki hii: haki ya kusahauliwa. Ni jina zuri lenye historia maalumu, na historia hiyo inaonyesha kwa nini halifai kuandikwa kwenye barua ya mama wa Kongowea.

Mwaka 1998 gazeti la La Vanguardia la Uhispania lilichapa matangazo ya mnada wa mali kwa ajili ya madeni ya hifadhi ya jamii. Jina la Mario Costeja González lilikuwamo. Miaka zaidi ya kumi baadaye, madeni yakiwa yamekwisha, kila aliyetafuta jina lake kwenye Google alikutana na matangazo hayo. Alilalamika kwa mamlaka ya data ya Uhispania, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 13 Mei 2014 mahakama ikaamua kwamba mwenye mtambo wa kutafutia anaweza kutakiwa kuondoa viungo hivyo kwenye matokeo ya utafutaji wa jina la mtu. Gazeti halikuguswa. Kurasa zake zilibaki zilipokuwa.

Kwa hiyo kilichoitwa kusahauliwa kilikuwa kuondolewa kwenye orodha. Na mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ikasema sheria ya Ulaya haimlazimu Google kuondoa viungo hivyo duniani kote, bali kwenye matoleo yake ya nchi za Umoja wa Ulaya. Jina lilikuwa kubwa kuliko kitendo. Lugha yetu ingeweza kulitambua hilo mapema, maana kwetu kumbukumbu ni neno la ubongo na pia la kabati la ofisi: tuna kumbukumbu za utotoni na kumbukumbu za mikutano. Ya kwanza husahaulika yenyewe. Ya pili haisahauliki. Ama ipo kwenye faili, ama imetolewa. Mtambo wa kampuni ni kabati, na kwa kabati tunahitaji kitenzi chenye mtenda.

Tena kuna mahali ambapo kusahauliwa kikamilifu kungemuumiza mwenyewe. Mama ametaka asitumiwe matangazo. Kampuni ikiifuta namba yake isibaki hata alama, kesho itanunua au itapewa orodha mpya yenye namba ileile, na kwa kuwa haimkumbuki, itamtumia tena. Ili imwache, lazima ibaki na namba hiyo, au alama yake iliyosimbwa, kwenye orodha ya wasiotaka. Hapo kitendo anachokihitaji ni kupinga, wala si kufuta, na ndiyo maana barua ile iliyatenga: futeni hivi, acheni vile.

Kubakiza

Sehemu ya haki hii inayowakatisha watu tamaa ni mipaka yake. Kanuni za Kenya zinasema haki ya kufuta haifanyi kazi pale data inapohitajika kwa uhuru wa kujieleza na kupata habari, kwa kutimiza wajibu wa kisheria, kwa kazi ya maslahi ya umma, kwa utunzaji wa nyaraka na utafiti, au kwa madai ya kisheria. Kwa mkopo, mpaka mkubwa ni wajibu wa kisheria. Sheria ya Kenya ya kupambana na utakatishaji wa fedha inataka taasisi zinazobanwa nayo zitunze rekodi za miamala na za utambulisho wa mteja kwa angalau miaka 7. Taarifa zilizokwisha kupelekwa kwa ofisi za kumbukumbu za mikopo nazo zina kanuni zake na haziondoki kwa sababu mtu amehama programu. Na mkopo ambao haujalipwa hauna njia ya kufutwa kwa mlango huu. Kufuta data si kufuta deni.

Kwa hiyo kampuni ikijibu kwamba rekodi ya mkopo na utambulisho wa mkopaji itabaki, inaweza kuwa sahihi. Isikubaliwe, hata hivyo, ikitumia neno kubakiza kama blanketi la kufunika kila kitu. Wajibu wa kutunza rekodi ya muamala hautaji orodha ya majina ya simu, wala mahali mama alipokuwa amesimama saa nne asubuhi. Hapo linaingia neno jingine la sheria, kuzuia uchakataji. Kifungu cha 40 kinasema data inayohitajika kama ushahidi isifutwe, bali uchakataji wake uzuiwe na mhusika ajulishwe. Data iliyozuiwa iko kabatini na kabati limefungwa kwa ufunguo: haiendi kwa watu wa matangazo, haipimwi upya, haitumiki kuamua lolote. Mama anaweza kuudai uzuiaji huo kwa kila kitu kinachobakizwa.

Orodha ya majina ina jambo la ziada. Wale watu wote waliomo ni wahusika nao, na hawakukopa wala hawakukubali chochote. Fundi wa cherehani anaweza kuandika ombi lake mwenyewe akisema data yake ilipatikana kinyume cha sheria. Hili si la nadharia. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza Mulla Pride, kampuni iliyokuwa nyuma ya programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 baada ya malalamiko ya watu waliopigiwa simu na kutumiwa ujumbe wa vitisho kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine. Na tangu tarehe 31 Mei 2023 duka la programu la Google limezikataza programu za mikopo kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji. Lakini katazo hilo linazuia kusoma upya. Kilichosomwa kabla ya hapo kinahitaji kufutwa.

Imefutika au tumeifuta?

Siku ya 14 jibu linakuja, na kazi inakuwa ya msomaji. Kiswahili kina kauli mbili ambazo hapa zina thamani ya ushahidi. “Data yako imefutika” ni kauli ya kutendeka: jambo limetokea, mtenda hayupo. “Tumeifuta data yako tarehe fulani” ina mtenda na siku. Waandishi wa majibu ya kampuni huvutwa na ya kwanza, pamoja na ndugu zake “haionekani tena”, “akaunti haipo tena” na “taarifa zimeondolewa kwenye mfumo unaotumika”. Hiyo ya mwisho inastahili kusomwa mara mbili, kwa sababu inakiri kwamba kuna mfumo mwingine.

Mfumo huo mwingine huwa ni nakala za akiba, ambazo mafundi huziita bekapu. Ni nakala za hifadhi yote zilizopigwa kwa zamu, ili mtambo ukiharibika kazi irudi. Kuchomoa mtu mmoja ndani ya nakala hizo ni vigumu. Hufutika zinapoandikwa juu na nakala mpya, na hapa kauli ya kutendeka ni ya kweli. Mamlaka ya Uingereza, katika mwongozo wake, inakubali hali hiyo mradi data hiyo iwekwe mbali na matumizi hadi zamu yake ifike. Maswali ya kuuliza ni mawili: mzunguko wa nakala ni wa siku ngapi, na mkilazimika kurudisha nakala ya zamani, mtahakikishaje kwamba waliofutwa hawafufuki?

Neno jingine la kuangalia ni kuondoa utambulisho. Austria mwaka 2018 ilikuwa na kisa cha kampuni ya bima iliyoombwa kufuta data ya mteja. Sehemu ya data ikafutwa; nyingine ikaachwa, ila jina na anwani zikaandikwa juu kwa mteja wa bandia aitwaye Max Mustermann, jina ambalo Wajerumani hulitumia kwenye fomu za mfano. Mamlaka ya data ikakubali kwamba hilo nalo ni kufuta, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kumrudia mtu yule. Sharti liko hapo. Kampuni ikibadilisha jina kwa namba huku ufunguo wa namba ukiwa kwenye faili jingine, imempa mhusika jina la kupanga tu, na kisheria data hiyo bado ni yake.

Uthibitisho wa nje nao upo, ingawa si kamili. Mama ajaribu kujiandikisha upya kwa namba ileile bila kukamilisha: mtambo ukisema namba hii ina akaunti, kumbukumbu ipo. Aombe kubadilisha neno la siri: akitumiwa namba ya siri, akaunti inapumua. Uthibitisho wenye nguvu zaidi ni kurudia ombi la kuona data baada ya wiki kadhaa. Kampuni iliyoandika kwamba haina kitu, kisha ikakutwa ikimtumia ujumbe wenye jina lake, imejiandikia ushahidi.

Kama jibu halikuja au limekwepa, malalamiko huenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na sheria inataka uchunguzi umalizike ndani ya siku 90. Malalamiko mazuri huwa mafupi: barua ya ombi yenye tarehe, jibu au kutojibiwa, na picha ya skrini ya kile kilichoendelea baada ya siku ya 14. Kamishna anaweza kutoa amri ya utekelezaji, na faini yake ina kilele cha shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kilicho kidogo kati ya hivyo. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Mtanzania, kwa upande wake, hupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Jibu ambalo mama wa Kongowea anapaswa kuridhika nalo huenda likamshangaza, kwa sababu halitasema “tumefuta kila kitu”. Litasema: picha ya uso, mahali na orodha ya majina tumezifuta tarehe 3; kampuni ya kukusanya madeni tumeijulisha tarehe 4 nayo imethibitisha; nakala za akiba zitaandikwa juu ndani ya siku 35; namba yako tumeiweka kwenye orodha ya wasiotaka matangazo; rekodi ya mkopo na utambulisho wako tumeibakiza kwa miaka 7 kwa sheria ya utakatishaji wa fedha, na tumezuia matumizi mengine yote. Vitenzi kadhaa tofauti, kila kimoja na data yake. Jibu lenye kitenzi kimoja tu lirudishwe lilikotoka.